Modeli mbili, picha mbili za simu: namna ya kufanya jaribio la uwiano wa uwezekano bila kuwa na data mkononi

Saa moja jioni nilikuwa nimesimama ndani ya mwendokasi kuelekea Kimara, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu. Ujumbe ukaingia: "Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu. Hapa modeli ipi bora? Msimamizi anataka jibu kesho asubuhi." Chini yake picha mbili za skrini ya kompyuta, zimepigwa kwa upande, zina yale mawimbi ya rangi yanayotokea ukipiga picha skrini kwa simu, na kwenye kona kuna kivuli cha kidole gumba.

Kama umewahi kusaidia wanafunzi na tasnifu zao hapa Dar, ujumbe wa namna hii unaujua. Programu ya takwimu iko kwenye kompyuta za maabara tu, maabara inafungwa jioni, data imebaki kule, na kinachotoka nje ni picha kwenye WhatsApp. Habari njema ni kwamba jaribio la uwiano wa uwezekano halihitaji data. Linahitaji namba mbili na hesabu ya kutoa. Tatizo ni kwamba namba hizo mbili zina njia nyingi za kukudanganya, na zikikudanganya hazitoi alama yoyote. Mwongozo huu unafuata picha za kijana huyo tangu ya kwanza hadi jibu alilopeleka. Namba nimezibadilisha ili kazi yake isitambulike, na desimali nimezikata zibaki nne, lakini zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo unaweza kuzipiga upya kwenye kikokotoo ukaona.

Kwanza, kinacholinganishwa ni nini

Utafiti wake ulikuwa wa kaya za Manzese, Buguruni na Mbagala. Swali: je, kaya inachemsha au kutia dawa maji ya kunywa? Jibu ni ndiyo au hapana, kwa hiyo alitumia regresheni ya logistiki kwenye Stata. Modeli ndogo ilikuwa na vigeu viwili: miaka ya elimu ya mama na kipato cha kaya. Modeli kubwa ilikuwa na hivyo hivyo viwili, pamoja na eneo na idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano.

Kila modeli ikishakadiriwa, Stata inaandika mstari wenye maneno `Log likelihood`. Hapa nitaiita logi ya uwezekano. Ni alama moja inayosema modeli imeifuata data kwa ukaribu gani. Kwa modeli ya namna hii ni namba hasi siku zote, na kadiri inavyoisogelea sifuri ndivyo modeli inavyoifuata data vizuri zaidi. Kwa hiyo -257 ni bora kuliko -261. Najua hili ni dogo, lakini watu wazima kabisa hujikwaa hapa, kwa sababu jicho linaona 261 ni kubwa.

Modeli kubwa lazima ipate alama nzuri kuliko ndogo, au angalau ilingane nayo, hata ukiiongezea kigeu cha upuuzi kama tarakimu ya mwisho ya namba ya simu ya mhojiwa. Kwa hiyo kuuliza "ipi ina alama nzuri" hakuna maana, kwani jibu unalo kabla ya kuangalia. Swali ni kama nyongeza hiyo ya alama inazidi ile ambayo vigeu vya upuuzi vingeileta kwa bahati. Samuel Wilks alionyesha mwaka 1938 kwamba, sampuli ikiwa kubwa na modeli ndogo ikiwa ndiyo ya kweli, tofauti ya logi mbili za uwezekano ukiizidisha kwa 2 inafuata mgawanyo wa kai-skweya. Digrii zake za uhuru ni idadi ya makadirio yaliyoongezwa. Jaribio zima ni hilo, LL ikiwa ni logi ya uwezekano na LR ikiwa ni jibu la jaribio:

```
LR = 2 × (LL_kubwa − LL_ndogo)
```

Ina sharti moja la muundo: modeli ndogo iwe ndani ya kubwa, kama masufuria ya seti yanavyoingiana. Ukichukua modeli kubwa ukafuta baadhi ya vigeu, unapaswa kubaki na modeli ndogo kamili. Kama ndogo ina kipato na kubwa ina logi ya kipato mahali pake, hayo ni masufuria mawili ya seti tofauti, na hesabu hii haiwahusu. Kwenye picha hili unalipima kwa kusoma majina ya vigeu, mstari kwa mstari. Kila jina lililo kwenye picha ya kwanza liwe kwenye ya pili, na kigeu cha matokeo kilicho juu ya jedwali kiwe kilekile.

Usiguse kikokotoo kabla ya kusoma idadi ya kaya

Hapa ndipo picha za kwanza za kijana zilipoanguka. Ndani ya mwendokasi nilisoma modeli ndogo ina -272.9058 na modeli kubwa ina -257.6402. Nikapiga:

```
2 × (−257.6402 − (−272.9058)) = 30.5312
```

Kwa digrii 3 za uhuru, mpaka wa 5%, yaani namba ambayo bahati peke yake huivuka mara 5 tu katika 100, ni 7.815. Tuna 30.53. Hiyo ni nyongeza ya kutisha, ya kuandikiwa ukurasa mzima. Nilikuwa nimeshaanza kuchapa "hongera" nilipovuta picha juu kidogo nikaona mstari wa `Number of obs`. Modeli ndogo: 430. Modeli kubwa: 412.

Kaya 18 hazikujibu swali la idadi ya watoto. Stata, kama programu nyingi, ikikuta pengo kwenye kigeu chochote cha modeli inaiacha kaya nzima, haikulizi wala haikupigii kelele. Modeli ndogo haina kigeu cha watoto, kwa hiyo ilizitumia kaya zote 430. Modeli kubwa ilizitumia 412.

Kwa nini hilo linaharibu hesabu kiasi hiki? Kwa sababu logi ya uwezekano ni jumla. Kila kaya inachangia kipande chake, na kila kipande ni hasi. Katika data hii kila kaya inachangia kama -0.64 hivi. Ukiondoa kaya 18, alama inapanda kwa takribani 11.6 bila modeli kujifunza chochote kipya, na ukizidisha kwa 2 unapata 23. Katika ile 30.53 yangu ya furaha, zaidi ya 23 zilikuwa ni kaya zilizokosekana tu. Ni kama kumsifu kondakta kuwa nauli zake hazina upungufu mkubwa leo, kumbe kapunguza tripu.

Kwenye picha kuna sehemu mbili za kuligundua hili. Ya kwanza ni `Number of obs`. Ya pili, ambayo huokoa kama picha imekatwa juu kulia, ni mstari wa `Iteration 0`. Katika regresheni ya logistiki, mstari huo ni logi ya uwezekano ya modeli tupu isiyo na kigeu chochote, kwa hiyo inategemea kitu kimoja tu: kaya ngapi zilisema ndiyo na ngapi zilisema hapana. Modeli mbili zilizotumia kaya zilezile lazima ziwe na `Iteration 0` ileile hadi desimali ya mwisho. Kwenye picha zake moja ilikuwa -286.3182 na nyingine -274.2887. Hapo hakuna mjadala.

Dawa yake ni kurudi maabara, na hilo nilimwambia. Ukadirie modeli kubwa kwanza, halafu modeli ndogo uilazimishe itumie kaya zilezile:

```
logit maji elimu kipato i.eneo watoto
estimates store kubwa
logit maji elimu kipato if e(sample)
estimates store ndogo
lrtest ndogo kubwa
```

Hapo `e(sample)` ina maana ya kaya zilizotumika kwenye modeli iliyokadiriwa mara ya mwisho, ndiyo maana kubwa inatangulia. Ukigeuza mpangilio, amri za `logit` hazitalalamika, na utakuwa umerudi palepale. Mstari wa mwisho unafanya jaribio lote wenyewe, na kama idadi ya kaya hazilingani unakataa kuendelea. Yeye hakuutumia ule mstari. Asubuhi alikimbia maabara, akakadiria modeli ndogo upya, akapiga picha, akanitumia. Kuhusu `lrtest` alisema umeme ulikuwa unayumba akaogopa kupoteza vyote. Nilimwelewa.

Tarakimu moja yenye sura mbili

Picha mpya ya modeli ndogo ilikuwa na 412. Safi. Lakini logi ya uwezekano ilikuwa hivi: -261, nukta, kisha tarakimu ambayo ukiiangalia kwa karibu ni 8 na ukiisogeza mbali ni 3, kisha 143. Nilivuta picha hadi ikawa vijiboksi. Upande wa kushoto wa tarakimu ulikuwa na kijivu chepesi, ambacho kingeweza kuwa wino wa 8 au wimbi la skrini.

Ukisoma 8:

```
2 × (−257.6402 + 261.8143) = 8.3482
```

Ukisoma 3:

```
2 × (−257.6402 + 261.3143) = 7.3482
```

Mpaka ni 7.815. Tarakimu moja inavuka mpaka. Kwa 8 unaandika kwamba vigeu vilivyoongezwa vinachangia. Kwa 3 unaandika kwamba ushahidi hautoshi.

Usikisie, na usimpigie mtu simu kwanza, maana atakwambia ile anayoitaka. Skrini yenyewe imeandika namba hiyo mara tatu kwa sura tofauti. Tazama kipande hiki, ambacho kilisomeka vizuri:

```
Number of obs =    412
LR chi2(2)    =  25.95
Prob > chi2   = 0.0000
Pseudo R2     = 0.0473
```

`LR chi2` ni jaribio lilelile letu, ila linalinganisha modeli iliyoko kwenye skrini na modeli tupu. Yaani ni mara 2 ya tofauti kati ya logi ya mwisho na ile ya `Iteration 0`. Tunajua `Iteration 0` ni -274.2887. Sasa jaribu zote mbili:

```
2 × (274.2887 − 261.8143) = 24.95
2 × (274.2887 − 261.3143) = 25.95
```

Skrini inasema 25.95. Tarakimu ni 3. Kisha uthibitishe kwa `Pseudo R2`, ambayo ni 1 ukitoa logi ya mwisho iliyogawanywa kwa logi ya modeli tupu. Kwa 3 unapata 0.0473, kwa 8 ungepata 0.0455. Skrini inasema 0.0473. Mashahidi wawili wamekubaliana, na hakuna tena cha kubishania.

Na kama `Iteration 0` yenyewe haisomeki? Kama unajua majibu, unaitengeneza mwenyewe. Kati ya kaya 412, zilizosema ndiyo ni 158 na zilizosema hapana ni 254. Laza simu, kikokotoo kionyeshe kitufe cha `ln`, upige:

```
158 × ln(158/412) + 254 × ln(254/412) = −274.2887
```

Hii inakubali kwa matokeo ya ndiyo na hapana yasiyo na uzani. Nimeiona ikiokoa mtu ambaye picha yake ilikatwa juu na chini, amebaki na jedwali la katikati tu.

Picha ya modeli kubwa niliipitisha kwenye mtihani huohuo ingawa ilisomeka vizuri: `LR chi2(5)` ni 33.30, na 2 × (274.2887 − 257.6402) ni 33.30. `Pseudo R2` ni 0.0607, nayo inakubali. Sasa tazama jambo la kupendeza: 33.30 ukitoa 25.95 ni 7.35. Ndilo jaribio letu, bila kugusa logi za uwezekano kabisa. Modeli tupu ikiwa ni ileile pande zote mbili, inajifuta yenyewe. Kwa hiyo picha ikiharibika upande wa kushoto wote, upande wa kulia pekee unatosha. Ila sharti la kaya zilezile liko palepale.

Kuhusu picha zenyewe, nina ombi moja tu. Skrinshoti ya kompyuta ni bora kuliko picha ya simu, na kama ni lazima iwe simu, kwenye WhatsApp itume kama hati badala ya kama picha, ili isibanwe. Mikanganyiko ile ya 3 na 8, 6 na 0, 1 na 7 mara nyingi huzaliwa wakati wa kubanwa.

Digrii za uhuru

Kijana alikuwa ameandika 2, kwa sababu ameongeza vigeu viwili: eneo na watoto. Lakini kinachohesabiwa ni makadirio. Eneo lina makundi matatu, moja linabaki kuwa msingi wa kulinganishia, mawili yanapata kadirio lake kila moja. Watoto ni kadirio moja. Jumla 3.

Kwa 2 mpaka ungekuwa 5.991, na 7.35 ingevuka. Unaona jinsi kosa hili nalo lilivyokuwa linasubiri pale pembeni likimpa jibu alilolitaka.

Njia ya haraka ya kulisoma kwenye picha ni mabano ya `LR chi2`. Kubwa inasema 5, ndogo inasema 2, tofauti ni 3. Kama mabano yangesema 4 na 2, ningemuuliza kama alisahau `i.` mbele ya eneo, kwa sababu bila hiyo Stata inachukulia Manzese ni 1, Buguruni ni 2, Mbagala ni 3, kana kwamba Mbagala ni Manzese mara tatu. Na mstari ulioandikwa `(omitted)` usiuhesabu, haujakadiriwa.

Kutoka kwenye namba hadi kwenye thamani ya p

Mipaka ya 5% ambayo inafaa kuiandika nyuma ya daftari: digrii 1 ni 3.841, digrii 2 ni 5.991, digrii 3 ni 7.815, digrii 4 ni 9.488, digrii 5 ni 11.070. Kwa thamani kamili ya p, yaani uwezekano wa bahati peke yake kuleta namba kubwa kama yako au zaidi, Excel au Google Sheets kwenye simu inatosha:

```
=CHISQ.DIST.RT(7.3482, 3)
```

Inatoa 0.0616. Kwenye Stata ni `display chi2tail(3, 7.3482)`, kwenye R ni `pchisq(7.3482, 3, lower.tail = FALSE)`. Usigawe kwa 2, usizidishe kwa 2. Mkia wa kulia peke yake ndio jibu.

Kwa hiyo kwa kiwango cha 5% hatuna sababu ya kutosha ya kuikataa modeli ndogo. Maneno hayo niliyachagua. Hayasemi kwamba eneo na watoto havina maana. Yanasema kwamba nyongeza ya 7.35 au zaidi kwa makadirio matatu ingeweza kuletwa na bahati kama mara 6 katika 100.

Picha ambazo hesabu hii haizitaki

Kabla ya kusherehekea, soma maneno yaliyo kabla ya namba, neno kwa neno. Ikiwa imeandikwa `Log pseudolikelihood`, mtu ametumia `vce(robust)`, ameweka makundi, au ameweka uzani wa sampuli. Namba hiyo inafanana na nyingine kwa sura lakini haifuati kai-skweya ya Wilks, na hakuna kurekebisha kwa mkono. Hapo unarudi kwenye jaribio la Wald, yaani amri ya `test` kwenye modeli kubwa. Tafiti za kaya zenye sampuli ya mitaa huangukia hapa mara nyingi, na kusema kweli utafiti wa kijana huyu ulikuwa mpakani. Alichagua kaya moja moja kutoka orodha za eneo zima, ndiyo maana nilimwacha aendelee.

Ikiwa picha imetoka SPSS, utaona `-2 Log likelihood`. Hiyo imeshazidishwa na ni chanya. Toa tu ya kubwa kutoka kwenye ya ndogo. Ukizidisha tena kwa 2 unapata jibu mara mbili ya linalostahili, na nimeona tasnifu iliyofungwa jalada gumu ikiwa na kosa hilo. Kwenye R muhtasari wa `glm` unatoa `Residual deviance`, nayo inatolewa hivyohivyo, bila kuzidisha.

Na ikiwa jibu lako limetoka hasi, usilifute alama ukaendelea. Ama picha zimepishana, ama kaya si zilezile, ama modeli haziingiani, ama modeli kubwa haikufika mwisho wa hesabu yake. Kwa hili la mwisho, angalia mistari ya `Iteration` kama kuna `not concave` kwenye mstari wa mwisho kabisa.

"Lakini dada, mbona watoto wana nyota?"

Nilipomtumia 0.0616 alijibu kwa picha nyingine: jedwali la modeli kubwa, amezungushia duara jekundu mstari wa watoto. Thamani ya p yake 0.022, chini ya 0.05, kiasi cha kuwekewa nyota. Aliona nimemwonea.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Jaribio la pamoja linauliza kuhusu vigeu vyote vilivyoongezwa kwa mkupuo. Kama kimoja kina nguvu na vingine viwili ni maji, nguvu ya kile kimoja inagawanywa kwa watatu. Nilimuuliza: kwenye pendekezo lako la utafiti, lile lililopitishwa kabla hujaenda uwandani, uliandika nini? Akanitumia ukurasa. Dhana yake ilikuwa juu ya watoto wadogo. Eneo liliwekwa tu kama kigeu cha kudhibiti.

Basi alikuwa anafanya jaribio lisilo la swali lake. Kigeu cha kudhibiti kinatakiwa kuwepo kwenye modeli zote mbili, na kinachoongezwa kiwe kile kinachochunguzwa peke yake. Ningekataa kama pendekezo lingesema vingine, kwa sababu kubadilisha jaribio baada ya kuona nyota ni kuchagua karata baada ya kuzifunua. Lakini maandishi yalikuwepo na tarehe yake.

Kilichohitajika ni modeli ya kati: elimu, kipato na eneo, kwa kaya zilezile 412. Picha hiyo haikuwepo, na hakuna hesabu ya kuitoa kwenye zile mbili. Akarudi maabara. Jioni ikaja: -260.2915, `Iteration 0` -274.2887, `LR chi2(4)` 27.99. Nikakagua kwanza: 2 × (274.2887 − 260.2915) ni 27.99. Sawa.

```
watoto:  2 × (260.2915 − 257.6402) = 5.3026   digrii 1   p = 0.021
eneo:    2 × (261.3143 − 260.2915) = 2.0456   digrii 2   p = 0.360
```

Jumlisha 5.3026 na 2.0456 upate 7.3482, ileile ya mwanzo. Eneo lilileta 2 na kidogo kwa makadirio mawili, ambayo ndiyo hasa unayoitarajia kwa vigeu visivyo na kitu, na watoto walileta 5.3 kwa kadirio moja. Jaribio la pamoja liliyachanganya yakawa vuguvugu.

Kwenye tasnifu aliandika hivi, nami sikuongeza neno: "Baada ya kudhibiti elimu ya mama, kipato na eneo, idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano iliboresha modeli (uwiano wa uwezekano, kai-skweya = 5.30, digrii ya uhuru 1, p = 0.021, kaya 412). Kaya 18 zisizo na taarifa za watoto hazikutumika katika modeli yoyote kati ya zinazolinganishwa." Sentensi ya pili ndiyo msimamizi aliyoipigia mstari, akauliza kwa nini hizo 18 hazikujibu.

Picha ile ya mwisho, kwa taarifa yako, aliituma kama hati. Kila tarakimu ilisomeka.